Ujumbe wa nyongeza umo kwenye simu, na samaki bado yuko kwenye karai

BARUA

Shikamoo mama mshauri. Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Nina mume, watoto watatu, na mama mkwe ambaye hawezi tena kuinuka kitandani. Tuna mama anayetusaidia kazi za nyumbani, nitamwita Mama Kadzo. Amenizidi umri. Anatoka Muyeye, hufika saa moja asubuhi na kuondoka saa tisa alasiri, Jumatatu hadi Jumamosi. Huu ni mwaka wake wa nne kwetu.

Kazi yake sina la kusema. Mama mkwe hajapata kidonda hata kimoja cha kulala, mpaka daktari akashangaa. Nataka kumwongeza mshahara kutoka 9,000 hadi 11,000. Kuna jambo moja tu linaloniudhi. Muuza samaki hupita kwenye saa mbili, akaacha vibua au kipande cha jodari, na samaki huyo hubaki kwenye karai jikoni mpaka saa tano. Nimemwambia mara nyingi. Hujibu, "Sawa mwalimu," siku mbili tatu mambo huwa mazuri, kisha yanarudi yale yale. Friji tunayo. Friza binti yangu ameijaza barafu za ukwaju za kuuza, lakini chini nafasi ipo. Juzi mwanangu wa kati alikula jodari, uso na shingo vikawa moto, midomo ikamwasha, kichwa kikamgonga, mwili ukatoka mabaka. Jioni akawa mzima. Si mara ya kwanza. Zahanati walisema ni aleji, ila siku nyingine hula jodari na hapati neno.

Mume wangu asema samaki akiharibika tumkate pesa yake. Mimi sitaki ugomvi. Nimeandika ujumbe huu na nashindwa kuutuma:

"Habari Mama Kadzo. Tunashukuru sana kwa kazi yako nzuri, wewe ni kama mtu wa familia. Mwezi ujao tutakuongeza mshahara. Lakini tafadhali uwe makini na samaki, nimeshakwambia mara nyingi. Tukiona mabadiliko tutazidi kukuongeza. Mungu akubariki."

Simu yake ni mulika mwizi, na mwanawe wa kidato cha pili ndiye humsomea ujumbe mrefu. Je, niutume hivi, nitenganishe mambo, au ninyamaze kuhusu samaki nimpe pesa yake kwa amani?

Mwalimu, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kwamba hujautuma bado.

Nianze na mama mkwe, maana katika barua yako hilo ndilo kubwa, na katika ujumbe wako halimo kabisa. Mtu asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda upesi mno. Mahali ambapo mfupa unakandamiza godoro, yaani kwenye nyonga, visigino na sehemu ya chini ya mgongo, damu haipiti vizuri, ngozi inakufa, na kidonda kikishafunguka huchukua miezi kupona, kama kitapona. Kinga yake ni mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, kumkausha akilowa, kunyoosha shuka lisifanye mikunjo chini yake, na kuitazama ngozi kila siku ili wekundu wa kwanza uonekane mapema. Kwa joto letu na jasho letu hilo si jambo dogo. Mama Kadzo akikaa kwako kutoka saa moja hadi saa tisa, humgeuza mgonjwa mara nne kwa uchache, na katikati anafua, anapika na kufagia ua. Wauguzi wenye mafunzo huwafanyia wagonjwa wao hayo hayo.

Sasa soma tena pale ulipoandika "kazi yako nzuri." Maneno hayo angeweza kuambiwa hata fundi wa bomba. Mama Kadzo akisomewa, atajua umefurahi, lakini hatajua umeona nini. Ukimwambia kuwa mama hana kidonda, kwamba daktari ameshangaa, na kwamba wewe unajua ni mikono ya nani, hapo amesikia jambo ambalo hakuna mwingine angeweza kumwambia. Tena ni jambo ambalo mwanawe anayemsomea angefaa kulisikia.

Kuhusu "kama mtu wa familia," nakuachia mwenyewe. Najua umeliandika kwa moyo safi, na huku kwetu ni neno la heshima. Ila wako akina mama waliolisikia mara nyingi siku walipoombwa kubaki mpaka magharibi bila malipo, au kuja Jumapili kwa sababu kuna wageni. Wewe ndiye unayejua kama kwako limewahi kutumika hivyo. Kama halijatumika, liache. Kama limetumika, basi kazi yake itaje kwa jina lake, na heshima ataipata humo humo.

Tuje kwenye pesa. Ujumbe wako unasema utamwongeza, hausemi kiasi gani. Kwa anayepanga karo ya kidato cha pili, "tutakuongeza" bila tarakimu ni kumpa hesabu ya kukesha nayo. Atawaza elfu tatu, nawe umepanga elfu mbili, na siku ya mshahara zawadi itageuka upungufu. Taja kiasi, taja tarehe kitakapoanza, na useme kama ndicho kitakachofika mkononi au kuna makato ya NSSF, ya bima ya afya ya jamii na ya nyumba. Kama unamlipa kwa M-Pesa, amueni mapema gharama ya kutoa ni ya nani. Tena mambo haya hayatoki kwenye adabu peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mabadiliko ya masharti ya kazi, mshahara ukiwemo, yafanywe kwa kushauriana na mfanyakazi, naye ajulishwe kwa maandishi. Kwa hiyo ujumbe wako wa simu ni kumbukumbu ya mapatano pia, na mwaka kesho wote wawili mtaweza kuusoma.

Na hapa sina budi kugusa jambo ambalo hukuniuliza. Umeita hii nyongeza, na kwa moyo wako ni ukarimu. Lakini amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 1, 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika miji iliyokuwa manispaa, na Malindi ilikuwa mmojawapo, kuwa kama shilingi 14,867 kwa mwezi. Hiyo ni kabla ya marupurupu ya nyumba. Kwa kuwa usiku hurudi kulala kwake, huongezwa asilimia 15, yaani kama 2,230. Jumla yakaribia 17,100. Mwanangu, sikusomei haya kukuaibisha. Najua mishahara ya mtaani Malindi inavyokwenda, na najua kwamba ukiuliza majirani watano wengi wao watataja tarakimu ya chini kuliko hata hiyo 9,000 yako. Najua pia mshahara wa mwalimu. Lakini kuna hatari katika kuandika ujumbe wenye sauti ya hisani juu ya kiasi ambacho bado kiko chini ya haki ya mtu. Siku akiambiwa na mwenziwe njiani, shukrani zote alizokupa zitamrudia kama kudanganywa.

Unaweza kufanya nini basi? Kuna wanaokaa na mume wakapiga hesabu upya na kufikia kiwango chote, hasa wakikumbuka kwamba mtu wa kumwangalia mgonjwa peke yake angewagharimu vipi. Hapo mmemaliza deni la siku zijazo, ila bajeti itawabana, na mkishindwa kulipa baada ya miezi mitatu mtakuwa mmemvunja moyo zaidi ya kama mngeahidi kidogo. Kuna wanaopunguza siku za kazi ili kila siku ilipwe kwa haki. Kwenu njia hiyo ina swali zito, kwani siku asizokuja nani atamgeuza mama? Naye Mama Kadzo huenda asipate pa kuzijaza siku hizo, akabaki na pesa ile ile na wasiwasi zaidi. Wengine hupanda kwa hatua, 11,000 sasa na tarehe za hatua zinazofuata zikiandikwa. Njia hiyo hubebeka, lakini isikupumbaze, kwa sababu katika muda wote huo bado mko chini ya kiwango, na mfanyakazi ana miaka 3 ya kupeleka madai yake ya ajira mahakamani. Ukiichagua, mwambie wazi kwamba unajua kiwango ni kipi na kwamba hujakifikia. Mume anayepigia hesabu bei ya vibua atakuna kichwa akisikia haya, lakini afadhali ayasikie kwako mezani.

Lipo na sharti ulilolitia mwishoni, kwamba mkiona mabadiliko mtazidi kumwongeza. Hapo nyongeza ya kazi ya miaka minne imefungwa kwenye karai la samaki. Mama mkwe akiendelea kuwa salama lakini vibua vikisahaulika Jumanne moja, je, atakuwa amepoteza? Nadhani hukukusudia hivyo. Ukitoa sentensi hiyo, pesa itasimama kwa miguu yake na samaki naye atazungumzwa kwa haki yake.

Na samaki nataka tumzungumze kweli, maana barua yako ina vitu viwili ambavyo umeviandika mbalimbali, nami nimeviona vimekaa pamoja.

Cha kwanza ni mtoto. Jodari, vibua, nguru na jamaa zao wenye nyama nyekundu-nyekundu wana kitu ndani ya nyama ambacho bakteria hukigeuza kuwa histamini samaki akikaa kwenye joto. Histamini hiyo ndiyo ile ile mwili hutoa wakati wa aleji, ndiyo maana dalili zinafanana: uso kuwaka, midomo kuwasha, kichwa, mabaka, wakati mwingine kuhara, zikianza ndani ya dakika chache hadi saa moja mbili na kuisha siku hiyo hiyo. Mtoto anayekula jodari leo akawa mzima na kesho akawashwa anakupa dokezo kwamba tatizo huenda liko kwa samaki wa siku ile. Usikate shauri wewe wala mimi. Mrudishe kwa daktari umweleze kwamba samaki alikaa nje, na usimpe jodari kwanza. Akiwahi kubanwa na pumzi au kuvimba uso, hilo ni la kukimbilia hospitali saa hiyo. Jambo la kujua jikoni ni kwamba histamini haiondoki kwa kukaanga, kwa kuchemsha wala kwa kugandisha. Samaki anaweza kuwa nayo na bado asinuke. Wengine husema alikuwa na ukali wa pilipili mdomoni, wengine hawakuonja kitu. Kwa hiyo Mama Kadzo, ambaye amekulia hapa pwani na anajua samaki mzuri kwa jicho na kwa pua, akimtazama saa tano anaona samaki mzima, anampika vizuri, na haelewi mwalimu analalamikia nini. Umemwambia mara nyingi asimwache nje. Je, umewahi kumwambia ni kwa nini?

Cha pili ni saa. Samaki hufika saa mbili. Saa mbili Mama Kadzo yuko wapi? Amefika saa moja, na kama nyumba yako inakwenda kama nyumba nyingi zenye mgonjwa, wakati huo yuko chumbani anamwosha mama au anampa uji. Muuza samaki anabisha, anatoka mikono ikiwa mibichi, anampokea, anamtia kwenye karai na kurudi haraka, kwa sababu mgonjwa aliyeachwa ameinuliwa nusu hawezi kungoja. Kisha kuna nguo zilizoloa. Kisha ua. Akija kukumbuka, ni saa ya kuanzisha chakula cha mchana. Siku ulizomkemea alimkimbiza samaki kwenye friji, huenda uji ukapoa. Siku nyingine alichagua uji. Sijui kama ndivyo, nabashiri tu kutokana na saa ulizoandika. Lakini kosa linalorudi kila mara kwa mtu makini hivyo mara nyingi lina sababu katika mpango wa siku, na ni vyema uijue kabla hujaliita kutojali.

Friji nayo nina swali juu yake. Nafasi ya chini unayosema ipo, ipo kweli saa mbili asubuhi, au ina sufuria za jana? Samaki aliyetoka juani anahitaji ubaridi wa nyuzi 4 au 5 hivi, upesi. Friji iliyobanwa vitu, inayofunguliwa na watoto wanaotafuta barafu za kuuza, haifiki huko. Na samaki mwenyewe alikuwa wapi kabla ya kufika kwako? Kama muuzaji humbeba kwenye ndoo ya baiskeli bila barafu tangu alfajiri, basi huenda ameanza kuharibika kabla Mama Kadzo hajamgusa, na unamlaumu kwa saa tatu za mwisho za safari ya saa sita. Tazama siku moja usiyokwenda kazini. Mwulize muuzaji anapakia saa ngapi, na utie mkono ndani ya ndoo uone kama kuna barafu au maji tu.

Pengine dawa yenyewe ni ndogo: ndoo yenye kifuniko karibu na mlango, barafu ya usiku kutoka friza (binti yako akubali kukodisha kona moja ya duka lake), na muuzaji mwenyewe amtie samaki humo. Mama Kadzo abaki na kazi ya kufunika tu.

Kuhusu kumkata pesa, mweleze baba watoto kwa upole kwamba sheria ile ile ya 2007 inaruhusu makato ya mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipofanya kwa makusudi. Kusahau samaki kwa sababu anamlisha mgonjwa siyo kusudi. Na hata bila sheria, fikiria ujumbe unaomwongeza elfu mbili na kumkata mia tatu za vibua kwa mkupuo mmoja. Atakumbuka zile mia tatu.

Basi ujumbe uwe mmoja au miwili? Kila njia ina kasoro yake.

Ukiuacha mmoja, una faida ya kumaliza mambo siku moja, na samaki hatapewa uzito wa kikao. Lakini kwa namna ulivyoupanga, samaki yuko katikati na pesa imemzunguka pande zote mbili. Msikilizaji atafanya hesabu yake: amenisifu ili aniseme, na amenipa ili ninyamaze. Kama utabaki na mmoja, imalize pesa kwanza kabisa, tarakimu na tarehe, ndipo ufungue jambo jipya kama ombi, bila kumkumbusha kwamba umeshamwambia mara nyingi. Jingine la kuangalia ni simu yake. Katika mulika mwizi ujumbe mrefu unaweza kukatika vipande, na kipande cha mwisho kikatangulia. Kijana akaanza kumsomea mama yake mambo ya samaki, wakati shukrani na pesa bado ziko njiani.

Na huyo kijana mwenyewe ni sababu ya kutafakari. Pesa na sifa akizisoma yeye, ni heshima kwa mama yake. Kosa la mama yake akilisoma yeye, ni jambo jingine. Mtu wa umri ule, tena mzazi, kurekebishwa kupitia mdomo wa mwanawe hulijibu kwa "sawa mwalimu" na kulibeba moyoni. Kwa hiyo unaweza kuandika la pesa na kusema la samaki ana kwa ana, jikoni, siku ambayo mume na watoto hawapo. Hatari ya njia hii ni wewe mwenyewe. Umesema hutaki ugomvi, na mtu asiyetaka ugomvi akishatoa pesa husema la samaki litangoja kesho, na kesho haifiki.

Wengine wangetanguliza samaki, wakasubiri wiki, ndipo watoe habari ya mshahara ili mambo mawili yasigusane. Inaonekana safi. Lakini mfanyakazi wa nyumbani aliyeitwa kando akaambiwa kosa huenda nyumbani akilala na wazo la kufutwa kazi, na wiki ni ndefu kwa wazo hilo.

Nimekuandikia mifano ya njia ya kutenganisha, ubadilishe upendavyo. Pale penye mshahara weka kiasi mtakachoafikiana na mumeo:

"Habari za jioni Mama Kadzo. Mama hana kidonda hata kimoja, na daktari ameshangaa. Mimi sishangai, najua ni wewe unayemgeuza na kumkausha. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao mshahara wako utakuwa shilingi ... badala ya 9,000, na gharama ya kutoa naiweka mimi. Tukikutana tuzungumze kama una swali. Mwalimu."

Umeona hakuna "lakini," wala ahadi ya baadaye. Kama mnapanda kwa hatua, ongeza mstari mmoja: hatua inayofuata ni tarehe fulani, kiasi fulani. Tena usimtumie usiku wa manane wala asubuhi akiwa njiani kuja. Jioni, akiwa kwake, ana nafasi ya kufurahi bila kukutazama usoni.

La samaki, ukilisema kwa mdomo, anza kwa kuuliza: "Mama Kadzo, samaki akifika saa mbili wewe huwa umeshika nini?" Halafu unyamaze kabisa mpaka ajibu. Walimu tuna tabia ya kulijibu swali letu wenyewe darasa likichelewa. Ukishamsikia, mwambie habari ya mtoto, kwamba jodari akikaa joto anaweza kumwasha mtu hata akipikwa vizuri na hata asiponuka, na kwamba huna hakika kama ni hapa nyumbani au ni tangu kwa muuzaji. Kisha mwonyeshe ndoo. Ukiona lazima uliandike, liwe fupi:

"Mama Kadzo, ombi langu moja. Jodari na vibua vikifika, viingie kwenye ndoo ya barafu mlangoni kabla ya kazi nyingine, hata kama mama anangoja uji kidogo. Vikikaa joto humwasha mtoto mwili. Kama kuna linalokuzuia nieleze tupange upya."

Ile "hata kama mama anangoja uji kidogo" usiitoe. Ndiyo inayompa ruhusa. Bila hiyo umemwachia mambo mawili ya haraka kwa wakati mmoja, na lolote atakaloliacha litakuwa kosa lake.

Mwisho ni jibu lake. Akisema "sawa mwalimu" usilichukue kama mapatano; mwombe akwambie mwenyewe samaki atawekwa wapi kesho. Na huenda habari ya mshahara ikamfungua mdomo aseme yake: siku za likizo, ambazo kisheria si chini ya 21 za kazi kwa mwaka, nauli siku za mvua, au kwamba kumwinua mama peke yake kunamuumiza mgongo. Hilo la mgongo mimi ningelitarajia. Likija, usilijibu mlangoni ukiwa na haraka ya kengele ya shule. Mwambie mtakaa Jumamosi baada ya chakula, na mumeo awepo.